Skridi ya paa bapa: pima kuanzia tundu la maji, kisha rudi mlangoni

*"Nina paa la zege tupu, mita 6 kwa 4, lenye ukuta mfupi kuzunguka. Mlango wa kutokea uko katikati ya upande mrefu, na tundu la maji liko kwenye kona ya upande wa pili. Mvua ikinyesha maji yanatuama katikati siku mbili tatu, na dari ya chumba cha chini imeanza kuweka madoa. Fundi alivuta kamba akaona katikati pameshuka kama sentimita moja na nusu. Anataka kumwaga skridi, yaani tabaka la saruji la kuleta mteremko, inayoanzia sifuri kwenye tundu na kufika sentimita 15 kwenye kona ya mbali, na anasema ikiwa nene hivyo maji hayatapenya tena. Kizingiti cha mlango kiko sentimita 20 juu ya zege. Je, unene huo ni sawa? Na slabu itabeba?"*

Nianze kwa kumtendea haki fundi wako. Kutoka kona yenye tundu hadi kona ya mbali, kwa mshazari, ni mita 7.2 hivi. Ukigawa milimita 150 kwa umbali huo unapata karibu milimita 21 kwa kila mita, na huo ni mteremko mzuri. Kwa hiyo hesabu yake ya mteremko haina kasoro. Shaka yangu iko kwenye ile sifuri anayoanzia, kwenye uzito unaofuata ukiiondoa sifuri hiyo, na kwenye imani kwamba unene ndio unaozuia maji.

Tuanze na hiyo imani, kwa sababu ndiyo inayowagharimu watu wengi. Skridi ya mchanga na saruji ina vinyweleo. Hata ukiichanganya vizuri, hata ukitia unga wa kuzuia maji, bado itanywa maji taratibu, na siku itakapopata ufa mwembamba kama unywele maji yatashuka kupitia ufa huo bila kujali unene wake ni sentimita 5 au 15. Kazi ya skridi ni kuyafukuza maji yafike kwenye tundu haraka. Kazi ya kuyazuia ni ya utando wa kuzuia maji unaopakwa au kubandikwa juu yake. Tena skridi nene isiyo na utando huweza kuwa mbaya kuliko nyembamba: hunywa maji mengi zaidi wakati wa mvua, kisha huyaachia kidogo kidogo kwenye slabu wiki nzima baada ya jua kurudi. Mtu akiona dari inadondosha siku ya nne ya jua hudhani bomba limepasuka.

Sasa ile sifuri. Skridi inayokwisha kama makali ya kisu haina maisha. Tabaka la milimita 5 au 10 la mchanga na saruji, likipigwa na jua na upepo, hukauka kabla saruji haijamaliza kushika. Likikauka linasinyaa, na likisinyaa linajivuta kutoka kwenye slabu, kingo zake zinajikunja juu kidogo, na ndani ya miezi michache ukiligonga kwa mpini wa nyundo unasikia mlio wa kitu chenye uwazi chini yake. Baya zaidi ni kwamba hapo penye wembamba ndipo penye tundu, yaani mahali ambapo maji yote ya paa hupita. Skridi iliyoshikamana na slabu inahitaji angalau milimita 25 mahali popote, na kwa kuwa hakuna slabu iliyonyooka kama kioo, unapanga milimita 40 ili penye vinundu ubaki na hizo 25. Hiyo ni kwa skridi iliyoshikamana kwelikweli. Ikimwagwa juu ya nailoni au juu ya utando wa zamani, haishiki chochote chini yake, hivyo inabidi ijitegemee kwa uzito na unene wake, na hapo kiwango cha chini kabisa ni milimita 50, huku wengi wakipanga 70.

Basi inua mpango wa fundi kwa milimita 40 uone kinachotokea. Kwenye tundu ni 40, kwenye kona ya mbali ni 190. Wastani wa paa zima ni milimita 115. Eneo ni mita za mraba 24, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 2.76. Kila sentimita moja ya zege la kokoto ndogo huongeza takriban kilo 22 kwa mita ya mraba, hivyo paa lako linabebeshwa tani 6 hivi, wastani wa kilo 250 kwa kila mita ya mraba, na kwenye kona ya mbali zaidi ya kilo 400. Slabu ya kawaida ya milimita 150 yenyewe ina uzito wa kilo 360 kwa mita ya mraba. Kwenye kona ile, basi, utakuwa umeweka slabu ya pili juu ya ya kwanza, lakini isiyo na nondo na isiyosaidia kubeba chochote. Na ya kwanza tayari imeinama milimita 15 katikati! Mwinamo huo si lazima uwe hatari; mara nyingi mbao za kumwagia zege zililegea siku ile, au zege liliendelea kuinama polepole miaka ya mwanzo. Lakini hauruhusu kubahatisha.

Unene wa skridi hauongozwi na ukubwa wa paa. Unaongozwa na safari ndefu zaidi ambayo tone la maji linapaswa kutembea hadi kwenye tundu. Ukiifupisha safari, unapunguza unene, uzito na bei kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana kabla ya kuzungumzia unene ninauliza kwanza kama tundu linaweza kuhama au kuongezeka. Kutoboa slabu sipendi, kwa sababu tundu jipya linaweza kuangukia kwenye nondo kuu au karibu na boriti. Lakini wewe una ukuta mfupi pande zote, na kutoboa ukuta huo kwa usawa wa paa ni kazi ndogo.

Ningefanya hivi. Nafungua matundu mawili ukutani, moja katikati ya kila upande mfupi, yanayotoka nje na kuingia kwenye bomba la kushuka. Lile tundu la kona naliziba vizuri. Kisha naunda bonde jepesi linalopita katikati ya paa kwa urefu, kutoka tundu hadi tundu. Pande zote mbili za paa zinateremka kuelekea bonde hilo, na bonde lenyewe linateremka kutoka katikati kwenda kila mwisho. Nachukua milimita 15 kwa mita kwa mielekeo yote miwili.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye matundu, 40. Kutoka tundu hadi katikati ya bonde ni mita 3, mara 15 ni milimita 45, hivyo uso wa skridi hapo uko milimita 85 juu ya usawa wa slabu penye matundu. Kutoka bonde hadi ukuta mrefu ni mita 2, mara 15 ni 30. Kwa hiyo sehemu ya juu kabisa, katikati ya kuta ndefu, ambako ndiko mlango wako uliko, ni 40 na 45 na 30, yaani milimita 115. Kwenye kona nne ni 70 tu. Wastani ni kama 78, ujazo ni mita 1.86, na uzito ni takriban tani 4.1. Umeondoa karibu tani mbili kichwani mwa chumba chako kwa kutoboa matundu mawili ukutani.

Utaniuliza, mbona mteremko umepungua kutoka 21 hadi 15? Haukupungua. Tone la maji halifuati rula ya fundi. Linafuata njia iliyo kali zaidi, na sakafu inayoteremka milimita 15 huku na milimita 15 huku ina mteremko wa mshazari wa milimita 21 kwa mita. Ni kwenye bonde lenyewe tu ndipo maji yanatembea kwa 15. Hapo pia tuko salama, kwani kiwango cha chini kinachokubalika kwa paa likishakamilika ni 1:80, yaani milimita 12.5 kwa mita. Kiwango cha Uingereza BS 6229 humtaka msanifu achore 1:40 ili baada ya makosa ya mikono na kuinama kwa slabu abaki na hiyo 1:80. Mimi hapa nimechora kwa kubana, kwa sababu ya mlango na uzito, na gharama ya kubana ni kwamba kosa la milimita 5 halitasameheka kwenye bonde. Fundi asiyeweza kufanya kazi kwa usahihi huo, mwongezee mteremko na ukubali unene.

Kuhusu ule mwinamo wa milimita 15 katikati: usiufuate. Alama zote zipimwe kutoka kwenye mstari mmoja wa usawa uliochorwa ukutani kwa mpira wa maji au leza, si kutoka kwenye uso wa slabu. Katikati ya bonde, basi, unene halisi utakuwa 85 na 15, sawa na milimita 100. Fundi akipima unene kwenda juu kutoka slabu, kama wengi wanavyofanya, atalinakili dimbwi la zamani juu ya skridi mpya, na wewe utakuwa umelipa ili dimbwi lipande ghorofa. Mwinamo huo utameza zege lingine kidogo, kama lita 200, kwa hiyo mwambie mhandisi tani 4.5 ili usimpe hesabu ya chini.

Sasa mlango. Kizingiti kiko 200, skridi hapo inafika 115, unabaki na 85. Ukiweka vigae na gundi yake, kama milimita 20, unabaki na 65. Kwenye kuta utando unatakiwa upande milimita 150 juu ya uso uliomalizika, na hilo kwa kuta zako si tatizo. Mlangoni hutalipata. Linalokuokoa ni kwamba katika mpangilio huu mlango uko mahali pa juu kabisa na maji yanaukimbia pande zote. Utando uingie hadi chini ya kizingiti na kupanda nyuma yake, usiishie mbele kwa gundi ya silikoni. Na uweke tundu la tahadhari ukutani, karibu na mojawapo ya matundu makuu, chini yake ikiwa milimita 50 juu ya uso wa skridi hapo. Siku majani yakiziba matundu yote mawili, maji yatapanda hadi usawa wa 90 na kutoka, kabla hata hayajagusa sakafu iliyo mbele ya mlango. Tena utaona maji yakimwagika mahali yasipopaswa, nawe utajua kuna kitu kimeziba.

Ikiwa upande mmoja mfupi umepakana na jirani na tundu moja tu linawezekana, bonde litateremka mita zote 6. Mwisho wa mbali utafika milimita 160, wastani utakuwa 100, na uzito tani 5.3. Mlango utabaki palepale kwenye 115 kwa kuwa uko katikati. Bado ni bora kuliko kona, lakini hapo neno la mhandisi halikwepeki.

Watu huuliza kuhusu kujaza kwa kitu chepesi. Zege la povu au la kokoto nyepesi hupunguza uzito kweli, ila hunywa maji kama sifongo, na likifungiwa chini ya utando likiwa bichi litakuletea malengelenge. Vipande vya stairofomu vilivyokatwa kwa mteremko ni vyepesi zaidi, lakini skridi juu yake haishiki slabu, hivyo inabidi iwe milimita 65 au zaidi na wavu wa chuma ndani. Kwa paa lenye unene wa 40 hadi 115, ile faida inaliwa na tabaka hilo la juu, na mlango unazama. Ningevifikiria kama tungekuwa tunazungumzia sentimita 20.

Katika kumwaga kwenyewe, mambo matatu ndiyo huharibu kazi hii. La kwanza ni kushikamana. Uso wa slabu uchokonolewe hadi kokoto zionekane, ufagiliwe, uoshwe, uloweshwe usiku kucha, kisha asubuhi maji yaliyotuama yafutwe. Uji wa saruji upakwe kwa brashi ngumu na skridi ifuate papo hapo, uji ungali mbichi. Ukiachwa ukauke, badala ya kuwa gundi unakuwa vumbi. Nyufa za slabu zinazohusiana na yale madoa zizibwe kabla ya hapo.

La pili ni mchanganyiko. Mchanga na saruji peke yake ni sawa kwa skridi nyembamba, lakini ukivuka milimita 50 husinyaa kwa nguvu hadi kujing'oa. Tumia zege la kokoto ndogo zisizozidi milimita 10: saruji 1, mchanga 1.5, kokoto 3, maji kidogo kadiri inavyowezekana. Linakubali kuanzia 40, kwa hiyo paa zima liwe la mchanganyiko mmoja. Mbele ya matundu tu, kwenye eneo la kama sentimita 30 kwa 30, shusha uso kwa milimita 15 zaidi ili maji yaanguke ndani badala ya kusita mlangoni mwa tundu. Hapo utabaki na 25, na hapo ndipo uweke saruji 1 kwa mchanga 3 bila kokoto.

La tatu ni nafasi ya kutanuka. Zege hutanuka takriban milimita 0.01 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Paa linalobadilika nyuzi 40 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefuka milimita 2.4 kwa mita 6. Ni kidogo, lakini kikisukuma ukuta mfupi wa tofali kila siku, ufa unatokea pale pale ukuta unapokutana na paa, na maji yanapata mlango. Weka ukanda wa sponji wa milimita 10 kuzunguka kuta zote. Na skridi igawe vipande viwili vya mita 3 kwa 4, kiungo kikiwa kwenye mgongo wa katikati unaoelekea mlangoni. Maji hukimbia kutoka kwenye mgongo huo pande zote mbili, kwa hiyo kiungo kikianza kuchoka hakitakuwa chini ya maji.

Funika kwa nailoni siku 7. Siku ya nane mwaga ndoo kadhaa pale mlangoni na kwenye kona zote, subiri saa moja, kisha zungushia chaki kila dimbwi. Lenye kina cha zaidi ya milimita 3 lisagwe kingo au lijazwe kwa chokaa maalumu ya kurekebishia yenye polima, ambayo ndiyo pekee inayovumilia wembamba. Fanya hivyo kabla ya utando. Baada ya utando kila rekebisho ni mara tatu ya kazi.

Na usikimbilie utando wa lami wa kuchoma. Skridi hukauka kwa takriban milimita 1 kwa siku hadi milimita 50, na zinazozidi hapo huchukua muda maradufu. Penye milimita 115 ni karibu miezi sita, na lami ikiwekwa mapema mvuke utaiinua. Chagua utando wa majimaji wenye saruji na polima, unaopakwa kwa brashi tabaka mbili na unaovumilia uso wenye unyevu. Ukishakauka, ziba matundu, jaza maji ya sentimita 3 kwenye sehemu za chini, yaache siku nzima, na uangalie dari.

Kuhusu swali la kama slabu itabeba, sitakupa jibu kutoka huku. Wasanifu wengi huacha nafasi ya kilo 100 hadi 150 kwa mita ya mraba kwa ajili ya malizio, na mpango wangu unafika 170 na zaidi kabla ya vigae. Tofauti hiyo huenda ni ndogo kwa slabu iliyoshikwa pande nne na kubwa mno kwa ile iliyoegemea pande mbili. Mwite mhandisi wa majengo aje na michoro yako kama ipo, aone upana wa slabu kati ya boriti, na umtajie uzito kwa takwimu, si "skridi kidogo". Usisubiri hata skridi ikiwa chini ya slabu kuna nyufa zinazofuata mstari wa nondo, kutu inayochuruzika, au zege linalobanduka.

Kwa wenye balkoni inayoning'inia bila nguzo, mambo yanageuka. Nondo zake kuu ziko juu, karibu na uso, hivyo kuchokonoa kwa nguvu ili skridi ishike kunaweza kukata kitu kinachoshikilia balkoni nzima. Na mteremko unaopanda kuelekea ukingo wa nje huweka zege nene mahali ambapo uzito unauma zaidi. Huko skridi iwe nyembamba upande wa nje, maji yatoke ukingoni, na mhandisi afike kabla ya nyundo.